Barua moja, wanunuzi watatu: kwa nini Mholanzi hakukudharau

*"Shikamoo. Tuna ghala dogo Muheza, tunakusanya pilipili manga na iliki kwa wakulima wa Amani. Mwaka huu niliandika barua pepe moja nzuri, yenye adabu zote, nikawatumia wanunuzi wa nje. Mholanzi alijibu mstari mmoja: bei gani, unyevu asilimia ngapi, ripoti ya maabara iko wapi? Hata salamu hakuna. Mjapani alinishukuru kwa maneno mengi akasema watalifikiria, na huu ni mwezi wa nne. Mtu wa Maskati alipiga simu, tukaongea dakika 20 habari za kwetu na za kwao, bei hakuigusa. Mimi naona wote watatu wamenikataa kila mtu kwa namna yake. Nibadilishe nini katika uandishi wangu?"*

Marahaba. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kamjibu Mholanzi. Katika majibu yote matatu, lake ndilo lililokaribia zaidi kuwa biashara. Mnunuzi wa viungo asiyetaka mzigo wako haulizi unyevu. Ananyamaza tu, na barua yako inazama chini ya nyingine alizopokea wiki hiyo.

Najua ulivyojisikia, kwa sababu nilipoanza kuuza kahawa ya Moshi nje nilipata jibu la namna hiyo hiyo. Nilikuwa nimeandika aya nne: natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, ninayo heshima kubwa kukuandikia, kampuni yetu ni miongoni mwa zinazoongoza. Bwana yule akaniuliza kwa maneno matano tu ninauza nini hasa. Nilikasirika siku mbili, nikamwita hana malezi. Nilipoisoma tena barua yangu mwenyewe nikaona alikuwa na haki ya kuuliza: aina ya kahawa niliitaja katika aya ya nne.

Tatizo lako si upungufu wa adabu. Umechanganya vitu viwili ambavyo katika Kiswahili chetu huenda pamoja, lakini kwingine kila kimoja kina njia yake. Kimoja ni heshima, yaani unavyomwita mtu, unavyojitambulisha na unavyoaga. Kingine ni unyoofu, yaani unachukua muda gani kufika kwenye jambo lenyewe, na unasemaje "hapana" au "tumekosea". Kwetu mtu mwenye heshima huzunguka kidogo kabla ya kusema shida yake, na anayeingia na shida mdomoni tunamwona mkavu. Kwa hiyo tunaamini kwamba barua ikizidi kuzunguka, heshima nayo imezidi. Mjerumani atakuvuruga kabisa hapo. Atataka umwite kwa jina la ukoo, na kama ana udaktari wa chuo kikuu uutaje, lakini bei aione katika mstari wa pili, na mzigo ukiwa na kasoro atakuambia bila kupepesa macho. Mholanzi ni mnyoofu vilevile, ila atakutaka umwite Jan tangu siku ya kwanza. Mjapani anataka heshima nyingi, na "hapana" yake hupita njia ndefu, lakini usidhani anataka maelezo machache. Katika hao wote yeye ndiye mwenye hamu kubwa zaidi ya takwimu. Hapo ndipo wengi wetu hujikwaa: tunasikia "Wajapani ni wapole" tunaandika barua ya kupendeza isiyo na namba.

Kabla ya kuandika, jiulize huyu anayesoma anaogopa kupoteza nini. Mwoga wa kupoteza muda hutaka barua ya namna moja, na mwoga wa kuaibika mbele ya bosi wake hutaka ya namna nyingine.

Tuanze na Mholanzi. Uholanzi ni nchi ya kuingiza bidhaa na kuzigawa Ulaya nzima kupitia bandari ya Rotadamu, na mnunuzi wa viungo huko kwa kawaida ana madaraka ya kuamua mwenyewe kiasi kidogo cha majaribio. Kinachomgharimu ni muda, pamoja na hatari ya mzigo kukataliwa. Mwaka 2020 ufuta kutoka India ulikutwa na oksidi ya ethileni, gesi ya kuulia vijidudu ambayo Umoja wa Ulaya hauiruhusu kwenye chakula, na bidhaa nyingi sana zikaondolewa madukani. Tangu hapo swali la ripoti ya maabara huja mapema. Hakuuliza kwa sababu anakuona Mwafrika mchafu. Angemuuliza hivyo hivyo mtu wa Vietinamu.

Jibu lako lifuate mpangilio wa maswali yake. Nakuandikia kwa Kiswahili ili uone mwendo wake, wewe utaliandika kwa Kiingereza chepesi; FOB humo ni bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini:

*"Jan, asante kwa maswali. Bei ni dola kadhaa kwa kilo* (hapo weka namba kamili)*, FOB Dar es Salaam, na inasimama hadi mwisho wa mwezi. Unyevu ni asilimia 11.8 kwa kipimo cha ghalani kwetu, hatujaupima maabara. Ripoti ya salmonela nimeambatisha. Ripoti ya mabaki ya viuatilifu hatuna bado, tutakuwa nayo baada ya wiki tatu. Hatutumii oksidi ya ethileni. Tuna tani 4 za mavuno haya. Nikutumie sampuli ya nusu kilo?"*

Tazama sentensi ya "hatuna bado". Kwetu mtu angeificha, aseme ripoti zote zipo, kisha akimbizane na maabara usiku na mchana. Kwa Mholanzi, kukiri pengo pamoja na tarehe ya kuliziba kunakuongezea uzito, kwa sababu sasa ana sababu ya kuziamini namba nyingine ulizompa. Ndiyo maana nimekutaka useme kwamba unyevu ni wa kipimo cha ghalani. Vipimo vile vya mkononi hupotoka, na maabara yake ikipata asilimia 13 wakati uliapa 11.8, utaonekana mwongo badala ya mtu mwenye kipimo cha bei rahisi. Akijibu kwamba bei yako iko juu mno, usinune. Kwake hayo ndiyo maneno ya kufungulia mapatano. Muulize anahitaji kufika wapi, na kwa kiasi gani cha mzigo.

Salamu je? Neno "asante" linatosha. Ukitaka kumtakia wiki njema, liweke mwishoni. Na "naomba kwa unyenyekevu" ifute kabisa. Lugha hiyo tuliirithi kwenye barua za ofisi za mkoloni, na mfanyabiashara wa leo akiisoma huhisi anaombwa msaada, wakati wewe unamuuzia mali.

Mjapani ni habari nyingine, na kwake nitakaa kidogo. Mtu aliyekujibu karibu kwa hakika haamui peke yake. Katika kampuni nyingi za Japani pendekezo huandikwa kwenye karatasi iitwayo *ringisho*, likazunguka kutoka meza hadi meza, kila mkubwa akigonga muhuri wake. Kabla karatasi haijaanza safari, mhusika hupita kwa wenzake mmoja mmoja kimyakimya akiwatayarisha. Kazi hiyo huiita *nemawashi*, neno lililotoka kwenye utunzaji wa miti, pale mizizi inapoandaliwa kabla mti haujahamishwa. Kwa hiyo barua yako ina wasomaji watano au sita ambao hutawajua kamwe, na yule uliyemwandikia ndiye atakayebeba lawama kama umetia chumvi. Ukiandika "pilipili bora kuliko zote Tanzania", hana namna ya kuitetea sentensi hiyo mbele ya mkuu wake. Ukiandika "tani 4, mavuno ya mwaka huu, imeanikwa juani kwenye maturubai, imechambuliwa kwa mkono", ataweza kuinakili kama ilivyo.

Na hili la "watalifikiria". Mara nyingi ni kweli kwamba Mjapani akisema hivyo amekataa, na amechagua maneno yasiyokuaibisha. Lakini si kila mara. Namna ya kutofautisha ni kuangalia kama kuna swali lililofuata. Wanaotafakari kwa dhati huuliza vitu vidogovidogo vinavyochosha: magunia ni ya uzito gani, ghala lina sakafu ya nini, nani anachambua, dawa gani zilipulizwa shambani. Swali la dawa lina msingi wa sheria. Tangu Mei 2006 Japani ina utaratibu ambao kiuatilifu kisichowekewa kiwango chake hupewa kikomo kimoja cha 0.01 ppm, yaani miligramu 0.01 kwa kilo. Kiasi hicho ni kidogo mno hata upepo wa shamba la jirani unaweza kukupitisha. Kama barua ile ya shukrani haikuwa na swali hata moja, basi mlango umerudishwa, ila haujafungwa kwa komeo.

Usimwandikie kumuuliza wamefikia wapi. Hilo linamlazimisha aseme "hapana" waziwazi, jambo ambalo alikuwa analikwepa kwa ajili yako. Mpelekee kitu kipya, asidaiwe jibu:

*"Tanaka-san, nakushukuru tena kwa jibu lako la awali. Samahani kwa kukuchukulia muda. Ripoti ya mabaki ya viuatilifu ya mavuno ya mwaka huu imetoka na nimeiambatisha, pamoja na picha sita za mahali tunapoanikia na kuchambulia. Hakuna haraka ya kunijibu. Iwapo wakati wowote itawafaa kuona sampuli ya gramu 500, tutafurahi kuituma."*

Jina ni la ukoo, likifuatiwa na *san*, na usijibandike *san* wewe mwenyewe unapotia sahihi, maana hicho ni kicheko. Ndani ya barua za Kijapani wao hutumia *sama*, lakini kwa Kiingereza *san* inatosha. Tena, usijaribu kuandika Kijapani cha heshima kwa kutafsiri maneno. Lugha yao ya heshima ina ngazi: vitenzi vya kumpandisha mwenzako na vitenzi vya kujishusha mwenyewe, na ukivichanganya umejipandisha juu ya mteja wako. Kiingereza kifupi, sentensi fupi, bila mizaha, kinapita bila aibu.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa fedha wa kampuni nyingi huko huanza tarehe 1 Aprili, kwa hiyo Machi ni mwezi wa kufunga hesabu na kuhamishwa vitengo. Huenda Tanaka wako ameshahamia kitengo kingine, na kimya cha miezi minne ni cha kiti kitupu. Mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei wana sikukuu mfululizo, katikati ya Agosti wanarudi makwao kuwakumbuka wafu, na mwaka mpya hufunga ofisi kwa siku kadhaa. Barua iliyotua siku hizo haikukosa adabu, ilikosa msomaji.

Huyu wa Maskati ndiye aliyenifurahisha. Dakika 20! Umeona amekupotezea muda, kumbe wewe ndiye uliyekuwa sampuli. Mtu wa ng'ambo ya bahari anajua kwamba mzigo ukienda mrama, mahakama iko mbali na wakili ni ghali; dhamana aliyonayo ni wewe, watu wako na jina lako mjini. Ndiyo maana aliuliza kwenu wapi, na ghala ni la nani. Na Oman ina jambo lake la pekee kwetu: familia nyingi za huko ziliishi Unguja, Pemba na mwambao, na Kiswahili bado kinasemwa majumbani Maskati. Nisingeshangaa kama simu yenyewe ilikuwa ya Kiswahili. Kama ndivyo, mwandikie Kiswahili, tena kizuri, chenye salamu zilizotimia. Hapa ile barua yako ya kwanza, iliyomchosha Mholanzi, ndiyo mahali pake.

Ila usiishie kwenye maneno matamu. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wenzetu wanaouza Ghuba ni kuridhika na ukunjufu, wakangoja bei iulizwe na haiulizwi. Baada ya simu, siku hiyo hiyo au kesho yake, tuma ujumbe wa WhatsApp: salamu, shukrani kwa mazungumzo, kitu kimoja alichokisimulia kuonyesha kwamba ulisikiliza, kisha "nakutumia karatasi ya bei kwa barua pepe ili uwe nayo". Karatasi hiyo iwe rasmi kabisa, kwenye kichwa cha barua cha kampuni. Hivyo ukunjufu unabaki kwenye simu, na namba zinakaa kwenye karatasi, hazigombani. Akisema "inshaallah", usiihesabu kuwa ndiyo wala hapana. Mpigie tena baada ya wiki, umjulie hali, na tarehe ya kupakia uitaje kama jambo linalokubana wewe, si yeye.

Katika barua rasmi za Oman utaona mtu anaitwa *Al-Fadhil*, yaani mwungwana, na hilo ni salama kwa mwanamume usiyemjua cheo. Kwa mwanamke ni *Al-Fadhila*. *Sheikh* usiigawe ovyo, huko ni cheo cha watu maalumu, na anayepewa bila kuwa nacho hujisikia amedhihakiwa. Mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Dubai ni tofauti: tangu 2022 ofisi za serikali hupumzika kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili.

Na nikitaja Dubai lazima nikuonye. Ukimwandikia mnunuzi wa viungo mtaa wa Deira, huenda mezani yuko Mhindi wa Gujarati au Kerala ambaye biashara hiyo ameikuta kwa babu yake. Ukimletea salamu ndefu za Kiarabu atatabasamu, kisha atakuuliza bei ya mwisho ni ipi, na ukiitaja ataomba nyingine. Nchi iliyoandikwa kwenye anwani hukupa dhana ya kuanzia tu. Jibu la kwanza likija, achana na dhana, mfuate mtu mwenyewe. Ametia sahihi kwa jina moja? Mwite hivyo. Aya zake ni fupi? Fupisha. Mjapani aliyesoma London miaka sita anaweza kukuandikia kikavu kuliko Jan, na kampuni ndogo ya Amsterdamu inayonunua moja kwa moja kwa wakulima inaweza kutaka hadithi ya Amani na picha za wapandaji iliki kabla ya namba yoyote.

Utagundua kuwa sauti yako hupimwa zaidi siku ya habari mbaya. Tuseme meli imechelewa siku kumi. Jan anataka barua yenye tarehe mpya katika sentensi ya kwanza, na samahani moja. Ukimwomba radhi mara nne atashuku kuna kingine unakificha. Tanaka anataka radhi kwanza, kisha chanzo, kisha mtafanya nini lisijirudie, na hilo la tatu ndilo atakalolipeleka kwa wakubwa. Wa Maskati mpigie simu kabla hujaandika chochote, maana kusoma habari mbaya kutoka kwa mtu aliyekuwa anaongea naye huiona kama umemkimbia.

Sauti nzuri haiuzi pilipili yenye unyevu wa asilimia 15. Kama Jan atapokea sampuli na kunyamaza, tafuta kwanza sababu kwenye sampuli, usirudi kuichokonoa barua. Na barua mbili tatu zilizojibiwa au kukosa jibu hazikuthibitishii lolote kuhusu taifa zima.

Mambo ambayo barua pepe haiyamalizi ni haya. Mnunuzi akitaka umpe haki ya kuuza peke yake nchini kwake, akileta mkataba wa lugha usiyoisoma, au masharti ya hati ya dhamana ya benki, usijibu kwa adabu wala kwa ukavu. Mpelekee wakili na benki yako kwanza. Kwa Japani, shirika lao la biashara ya nje, JETRO, lina ofisi Nairobi. Waholanzi wana CBI, kituo cha serikali yao kinachowasaidia wauzaji wa nchi kama yetu kuingia Ulaya, na mwongozo wake wa viungo hupatikana bure mtandaoni. TanTrade, mamlaka yetu ya kukuza biashara, na balozi zetu za Tokyo na Maskati zinaweza kukuambia kama kampuni fulani ipo kweli. Waulize hilo hasa ikiwa umepata mnunuzi anayekuita kwa vyeo vikubwa, hajauliza unyevu wala sampuli, ameikubali bei yako bila kupunguza hata senti, na sasa anataka utume ada ya usajili. Huyo hana utamaduni wa wewe kujifunza, mfute.

Jan kwanza, basi. Saa zake ziko nyuma ya zetu kwa saa moja au mbili kulingana na majira yao, kwa hiyo ukituma kabla ya saa nne asubuhi ataikuta juu ya nyingine anapofungua kompyuta.